Somo la zaire mbili: kwa nini Benki kuu ikitunga pesa nyingi, pesa ya nchi inashuka

Mwishoni mwa Januari 1993, askari jeshi mjini Kinshasa walipokea mshahara wao kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Kwa kiwango cha wakati ule, noti ile moja ilikuwa na thamani ya dola 2 hivi. Walipokwenda nayo sokoni, wachuuzi waliikataa. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alikuwa amekwisha kutangaza kwamba noti hiyo si halali, huku Rais Mobutu akitaka itumike. Askari wakakuta wana mshahara mkononi lakini hawawezi kununua hata unga. Wakaingia mitaani na silaha. Maduka yaliporwa, watu wengi waliuawa, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard.

Wenye umri wa miaka 45 na zaidi wanakumbuka nyakati zile. Wengi wanazieleza kwa siasa: Mobutu kwa upande mmoja, upinzani kwa upande mwingine. Siasa ilikuwemo kweli. Lakini nyuma ya noti ile kulikuwa na hesabu ya Benki kuu, na hesabu hiyo inafaa kueleweka na kila mtu anayelipwa kwa franka na kulipa nyumba kwa dola. Swali lenyewe ni hili: Benki kuu inapotunga pesa nyingi, ni kwa njia gani pesa ile inashuka?

Kitabu chenye kurasa mbili

Benki kuu yoyote, iwe ya Congo, ya Japani au ya Marekani, ina kitabu cha hesabu chenye pande mbili. Upande mmoja inaandika vitu inavyomiliki: dola, dhahabu, hati za deni, na mikopo ambayo wengine wanapaswa kuirudisha. Upande wa pili inaandika pesa iliyotoa: noti zilizo mikononi mwa watu, na pesa ambayo mabenki mengine yameweka kwake. Pande hizo mbili lazima zilingane.

Benki kuu ikinunua dola milioni moja kutoka kwa kampuni ya madini, inaandika dola upande wa kwanza, na upande wa pili inaandika franka ilizolipa. Pesa mpya imezaliwa. Lakini nyuma ya pesa hiyo kuna dola. Kesho watu wakiona franka ni nyingi mno na kuanza kuzikimbia, Benki kuu inaweza kuuza zile dola, kuzikusanya franka zilizozidi na kuzitoa katika mzunguko.

Sasa fikiria njia nyingine. Serikali haina makuta ya kulipa askari na walimu. Inaiendea Benki kuu. Benki inaandika upande wa kwanza: "Serikali inadaiwa kiasi hiki." Upande wa pili inaandika pesa mpya. Kitabu kimelingana, na kwa macho hakuna kosa. Lakini siku watu watakapozikimbia noti, Benki haina kitu cha kuuza. Inayo ahadi tu ya Serikali ambayo haina njia ya kulipa. Noti zimekwenda sokoni na hakuna kamba ya kuzirudisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gécamines, iliyokuwa ikiingiza sehemu kubwa ya dola za nchi, ilikuwa inaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990. Uzalishaji wa shaba, uliokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 100,000 mwaka 1993. Wafadhili wa nje walisimamisha misaada. Kodi hazikuingia. Lakini mishahara ya jeshi na ya wafanyakazi wa Serikali iliendelea kudaiwa, na kila upande wa siasa uliahidi kuiongeza. Shimo lile lilijazwa na Benki kuu.

Hatua tatu za kushuka

Watu husema, "noti zikiwa nyingi, thamani inapungua." Ni kweli, lakini haitokei yote kwa siku moja. Inapita kwa hatua.

Hatua ya kwanza iko kwa wabadilishaji wa pesa. Tuchukue mfano mdogo wa kutunga. Asubuhi moja mjini kuna dola 100 zinazouzwa, na watu wana franka 200,000 za kuzinunulia. Dola moja itauzwa kwa franka 2,000. Mchana, mishahara iliyotoka kwa pesa mpya inafika, na waliolipwa wanaongeza franka 100,000 kwenye meza zile zile. Dola hazikuongezeka hata moja. Jioni dola itakuwa karibu na franka 3,000. Hakuna aliyefanya hila, wala mbadilishaji si mwizi. Yeye anaonyesha tu kilichotokea kwenye kitabu cha Benki kuu. Na kwa kuwa mafuta, mchele, dawa na nguo vinatoka nje, bei zake zinaifuata dola baada ya siku chache.

Hatua ya pili ni watu wenyewe. Mwenye akiba ya zaire nyumbani akiona wiki tatu mfululizo dola inapanda, haingoji wiki ya nne. Anazitoa chini ya godoro na kununua dola, au mabati, au mbuzi, chochote kisichooza haraka. Noti zilizokuwa zimelala sasa zinatembea. Kwa hiyo pesa inashuka zaidi ya ile iliyochapwa: Benki ikiongeza noti mara mbili, dola inaweza kupanda mara tatu au nne, kwa sababu hata noti za zamani zimeingia katika mbio.

Hatua ya tatu inairudia Serikali. Kodi iliyopangwa Januari inalipwa Machi, na kufikia Machi thamani yake imekwisha kuliwa na bei. Shimo limekuwa pana kuliko mwanzo. Ili kulipa mishahara ile ile inabidi kutunga pesa nyingi zaidi. Zinakwenda sokoni, na mzunguko unaanza upya kwa mwendo mkali zaidi.

Zaire ilipita hatua zote tatu. Mwisho wa 1990, dola moja ilikuwa karibu zaire 2,000. Mwisho wa 1991 ilipita zaire 60,000. Mwisho wa 1992 ilikuwa karibu milioni 2. Ndiyo maana noti ya milioni 5 ilichapwa: ilikuwa inayafuata maji yaliyokwisha kumwagika.

Kasai walipokataa

Mwezi Oktoba 1993, serikali ya Faustin Birindwa ilileta pesa nyingine, zaire mpya. Zaire za zamani milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja, na zaire mpya 3 zilikuwa sawa na dola moja. Sufuri ziliondolewa. Lakini kitabu cha Benki kuu hakikubadilika: shimo la Serikali lilikuwa pale pale, na liliendelea kujazwa kwa njia ile ile.

Hapo likatokea jambo ambalo wataalamu wa uchumi huliota lakini hulipata kwa nadra. Majimbo mawili ya Kasai, ngome ya Tshisekedi, yalikataa pesa mpya. Mjini Mbuji-Mayi na Kananga watu waliendelea kununua na kuuza kwa zaire za zamani. Serikali haikuzichapa tena noti hizo. Zilizokuwepo zilikuwa ndizo hizo tu: zilichakaa na kuchanika, lakini hakuna aliyeweza kuziongeza kwa sababu Serikali ina deni la mishahara. Sehemu kubwa ya nchi ikatumia zaire mpya, ambayo mashine iliendelea kuitoa.

Kwa hiyo nchi moja, yenye rais mmoja na Benki kuu moja, ikawa na pesa mbili. Moja ilikuwa inatungwa kila mwezi, nyingine ilikuwa imefungwa. Tuangalie mwisho wake.

Mwisho wa 1994, mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa, zaire mpya zaidi ya 3,000 zilihitajika kupata dola moja. Mwisho wa 1996 zilihitajika zaidi ya 100,000. Tarehe 30 Juni 1998, serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilipoanzisha franka ya Congo, ilitangaza viwango viwili vya kubadilisha, kimoja kwa kila pesa. Franka moja ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Kwa watu wa Kasai, franka hiyo hiyo moja ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni 14.

Soma tena viwango hivyo. Mwaka 1993 Serikali ilisema zaire mpya moja ina thamani ya zaire za zamani milioni 3. Kama uwiano ule ungebaki, franka moja ingedai zaire za zamani miliari 300. Lakini ilidai milioni 14 tu. Ile pesa iliyofutwa kwa amri ilikuwa imeishinda mara elfu 21 ile iliyoletwa kuchukua nafasi yake.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja wa mfano. Oktoba 1993 ana akiba yenye thamani ya dola 100. Akiiweka kwa zaire mpya, ana zaire mpya 300. Akizihifadhi hadi Juni 1998 na kuzipeleka kubadilisha, hapati hata senti moja ya franka. Mwenzake wa Mbuji-Mayi ana thamani ile ile kwa zaire za zamani, yaani milioni 900. Mwaka 1998 anapewa franka 64, na kwa kuwa franka ilianza kwa kiwango cha franka moja na senti 38 kwa dola, hizo ni dola 46 hivi. Amepoteza zaidi ya nusu, si jambo dogo. Lakini yule wa kwanza amepoteza vyote.

Ni lazima tuseme pia mipaka ya ushahidi huu. Kasai ilikuwa na almasi, na almasi ilileta dola. Pia watu wa Kasai walizishikilia noti zile kwa sababu ya msimamo wa kisiasa, na imani nayo huipa pesa nguvu. Lakini Katanga na Kivu nazo zilikuwa na madini, na bado pesa mpya iliyeyuka mikononi mwa watu wake. Tofauti kubwa iliyobaki ni ile moja: noti za Kasai hazikuweza kuongezwa.

Mbona nchi tajiri nazo zinatunga?

Hapa msomaji anaweza kuuliza: mbona Japani, Ulaya na Marekani zimetunga pesa nyingi sana tangu mwaka 2008, na hakuna aliyebeba noti kwa mfuko wa unga?

Ni swali la haki, na Japani inalijibu vizuri. Tarehe 4 Aprili 2013, Benki kuu ya Japani chini ya Haruhiko Kuroda ilitangaza kwamba ndani ya miaka 2 itaongeza mara mbili pesa yake ya msingi, yaani noti pamoja na pesa ambazo mabenki yameweka kwake. Haikuwapa askari noti. Ilinunua hati za deni la Serikali kutoka kwa mabenki na makampuni yaliyokuwa yakizimiliki, na kuwalipa kwa kuandika pesa mpya kwenye akaunti zao.

Je, yeni ilishuka? Ndiyo. Novemba 2012 dola moja ilikuwa karibu yeni 80. Juni 2015 ilikuwa karibu yeni 125. Pesa ya Japani ilikuwa imepoteza karibu theluthi moja ya thamani yake mbele ya dola. Na ilianza kushuka kabla Benki haijanunua hati hizo mpya, mara tu Shinzo Abe alipokuwa akiomba kura huku akiahidi sera hiyo. Masoko hayangoji pesa ifike. Yanatazama inakotoka na inakokwenda.

Lakini njia ilikuwa tofauti na ya Zaire. Benki kuu inaponunua hati nyingi, bei ya hati inapanda na faida anayopata mwenye kuzishika inashuka, hadi karibu na sufuri. Kampuni ya bima ya Tokyo inaona hati za Marekani zinatoa faida kubwa zaidi. Inauza yeni, inanunua dola, inapeleka pesa huko. Hiyo ndiyo inayoishusha yeni: pesa inakimbilia penye faida, si watu kuikimbia pesa kwa hofu. Nyumbani Japani, bei sokoni zilisogea kidogo tu, na lengo la Benki la kuzipandisha kwa asilimia 2 kwa mwaka lilishindikana kwa muda mrefu.

Kuna sababu nyingine. Benki ya Japani ilinunua hati ambazo watu wengine wengi walikuwa tayari kuzinunua, na za Serikali inayokusanya kodi. Siku inapotaka kuzirudisha pesa, inaweza kuziuza hati hizo au kungoja zilipwe. Upande wa kwanza wa kitabu chake una kitu. Ndiyo tofauti na ahadi ya Zaire ya mwaka 1992, ambayo hakuna mtu mwingine duniani angekubali kuinunua.

Na hata huko hakuna sheria ya chuma. Katikati ya 2016 Benki ya Japani ilikuwa bado inanunua hati kwa wingi, lakini yeni ilipanda hadi karibu 100 kwa dola, kwa sababu wawekezaji wenye hofu ya mambo ya dunia walirudisha pesa zao nyumbani. Mwaka 2022 Marekani ilipandisha riba zake haraka huku Japani ikiendelea kununua hati ili riba zake zibaki chini, na dola ikapita yeni 150. Kwa hiyo kinachopimwa si wingi wa pesa peke yake. Ni wingi wake ukilinganishwa na watu wanaotaka kuishika, na ukilinganishwa na wanachofanya majirani.

Dimbwi dogo

Sasa turudi kwetu. Kwa nini franka ya Congo inatikisika haraka hata pale ambapo pesa iliyotungwa si nyingi kwa kipimo cha dunia? Jibu liko katika mifuko yetu. Tangu miaka ile, Wacongo wanaweka akiba kwa dola, wanakodi nyumba kwa dola, wananunua gari na kiwanja kwa dola. Franka imebaki ya chumvi, nyanya na nauli. Dimbwi la franka ni dogo, na jiwe dogo likitupwa ndani yake linafanya mawimbi makubwa.

Tuliona hivyo mwaka 2016 na 2017. Bei ya shaba na kobalti ilikuwa imeshuka duniani, mapato ya Serikali yakapungua, na sehemu ya pengo ikazibwa kwa pesa za Benki kuu. Akiba yake ya dola ilishuka chini ya miliari moja. Dola ilitoka karibu franka 930 mwanzoni mwa 2016 hadi karibu 1,600 mwisho wa 2017. Ili kuizuia, Benki kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 2 hadi asilimia 20. Lakini mahali ambapo mikopo na akiba nyingi ni za dola, riba ya franka ni breki ya baiskeli kwenye lori. Kilichosaidia kweli ni madini kupanda bei tena na Serikali kupunguza kukopa kwa Benki kuu.

Anayeumia katika mambo hayo anajulikana. Mfanya biashara mkubwa anabadilisha franka zake jioni ile ile. Mwalimu, muuguzi na askari wanalipwa franka mwisho wa mwezi, kwa kiwango kilichoandikwa miezi mingi nyuma. Mwaka 2016 na 2017, mwalimu ambaye mshahara wake haukubadilika alipoteza karibu dola 4 katika kila 10 bila mtu kumwandikia barua ya kumkata.

Namna ya kuona mapema

Si lazima mtu angoje dola ipande ndipo ajue. Benki kuu ya Congo hutoa takwimu zake mara kwa mara, na mistari miwili inatosha kwa msomaji wa kawaida. Wa kwanza ni deni la Serikali kwa Benki kuu. Likikua mwezi baada ya mwezi, pesa inatungwa kujaza shimo. Wa pili ni akiba ya dola, inayopimwa kwa wiki ngapi nchi inaweza kulipia bidhaa za kutoka nje. Mstari wa kwanza ukipanda huku wa pili ukishuka, franka imekwisha kupungua, hata kama mezani kwa wabadilishaji kiwango bado ni cha jana.

Ishara ya tatu haihitaji takwimu. Ni umbali kati ya kiwango cha Benki kuu na kile cha barabarani. Vikienda pamoja, mambo ni ya kawaida. Kile cha barabarani kikianza kukimbia peke yake, hasa katika siku za mishahara, ujue kuna franka mpya zinazotafuta dola na hazizipati.

Ndivyo walivyoona wachuuzi wa Kinshasa mwaka 1993 bila kusoma kitabu chochote. Hawakuikataa noti ya milioni 5 kwa sababu ya sufuri zake. Waliikataa kwa sababu walijua kwamba mwezi utakaofuata itachapwa nyingine, na ya kwanza itakuwa imekufa mikononi mwao.